Tulipofuta mstari wa C, mshindi akabadilika

Kotesheni zilikuwa tatu, zote za makabati 60 ya chuma ya kuhifadhia majalada. Kamati ilikuwa na watu watano na mimi nilikuwa katibu wake, maana yake ndimi niliyeandaa jedwali la alama. Tulishakubaliana uzito wa kila kigezo kabla ya kufungua bahasha: bei 60, muda wa kufikisha mzigo 15, uaminifu 25. Uzito huo uliandikwa kwenye barua ya mwaliko na kila mzabuni aliuona. Nilidhani hapo tumemaliza kazi ngumu.

Nitawaita A, B na C, na bei nitaziandika bila sarafu kwa sababu sarafu haibadilishi kitu hapa.

| Mzabuni | Bei ya jumla | Siku za kufikisha | Oda zilizofika kwa wakati na kwa ukamilifu |
|---|---|---|---|
| A | 9,600 | 20 | 14 kati ya 20 (asilimia 70) |
| B | 10,200 | 14 | 9 kati ya 10 (asilimia 90) |
| C | 12,000 | 10 | 19 kati ya 20 (asilimia 95) |

Ukitazama tu kwa macho, unaona picha. A ni rahisi lakini anachelewa. C ni ghali lakini ukimwagiza unalala usingizi. B yuko katikati, na kwa bei yuko karibu zaidi na A kuliko C. Jedwali langu lilisema hivyo hivyo: B alama 74, A alama 60, C alama 40. Wajumbe walitikisa vichwa kukubali, Mwenyekiti akaanza kuniamuru niandike uamuzi kwenye muhtasari.

Ndipo mhasibu, ambaye muda wote alikuwa akisoma kotesheni ya C badala ya kusikiliza, akaomba nafasi. "Mama Mwenyekiti, hapa chini ameandika siku 10 baada ya kupokea malipo ya awali ya nusu ya bei." Barua yetu ya mwaliko ilisema wazi kwamba hatutoi malipo ya awali, na kwamba anayeyadai hatatathminiwa. Kwa hiyo C alitakiwa kuenguliwa kwenye uchunguzi wa awali, kabla hata ya kupewa alama. Kosa lilikuwa langu. Nilichukua siku na bei, maandishi madogo ya chini nikayapita.

Halikuonekana kosa kubwa. C alikuwa wa mwisho, kumtoa kungebadilisha nini? Nikafuta mstari wake mbele ya wote, jedwali likiwa ukutani kwenye projekta. Namba zikajipanga upya: A alama 60, B alama 40.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Bei ya A haikubadilika, wala ya B. Siku ni zile zile, rekodi ni zile zile. Aliyekuwa anaongoza kwa alama 14 sasa ameachwa kwa alama 20, kwa sababu tu mtu wa tatu, ambaye hakuwa na nafasi ya kushinda, ametoka mlangoni. Mjumbe mmoja aliuliza kama nimebonyeza vibaya. Nikarudisha mstari, B akapanda. Nikafuta tena, akashuka.

Jedwali lile sikulibuni mimi. Nililinakili kutoka faili la ununuzi wa miaka ya nyuma, nikabadilisha majina na namba, fomula sikuigusa. Nadhani majedwali mengi ya alama huzaliwa hivyo. Kwenye safu ya bei fomula ilikuwa hii:

```
=60*(MAX(B$2:B$4)-B2)/(MAX(B$2:B$4)-MIN(B$2:B$4))
```

Mimi huiita kanuni ya ngazi. Mwenye bei ya chini anasimama juu kabisa na kuchukua alama zote 60, mwenye bei ya juu anasimama chini kabisa na kupata sifuri, na wa katikati anawekwa kwenye kipago kinacholingana na umbali wake kati ya hao wawili. Bei zetu zilitofautiana kwa 2,400 kutoka chini hadi juu. B alikuwa 1,800 chini ya C, yaani robo tatu ya ngazi, akapata 45 kati ya 60. Muda na uaminifu vilipigwa kwa kanuni hiyo hiyo: B akapata 9 kati ya 15 na 20 kati ya 25. Jumla 74.

Sasa mtoe C. Ngazi ya bei inabaki na watu wawili tu, A na B, na kanuni haijui kuwaweka wawili popote isipokuwa juu kabisa na chini kabisa. Bei ya B, ambayo imezidi ya A kwa 600 tu, inapata sifuri, alama ile ile aliyopata C alipokuwa juu kwa 2,400. Kwa upande mwingine B anachukua 15 zote za muda na 25 zote za uaminifu. Hizo ni 40, naye A ana 60 za bei.

Ukikaa na jambo hili utaona ni baya kuliko linavyoonekana. Wazabuni wakibaki wawili, kanuni ya ngazi haipimi tena ukubwa wa tofauti. Kama bei ya A ingekuwa chini ya ya B kwa 1 tu, angepata 60 zile zile na B angepata sifuri ile ile. Na kwa kuwa uzito wa bei umevuka nusu, mwenye bei ndogo atashinda daima, hata kama mwenzake ni mwaminifu mara kumi zaidi. Kamati inadhani inalinganisha vigezo vitatu, kumbe inafungua bahasha ya bei na kufunga mjadala.

Nilirudi ofisini nikapiga hesabu ile ile kwa kanuni nyingine inayotumika sana, ya uwiano. Hapa unachukua bei ya chini kuliko zote, unaigawa kwa bei ya mzabuni husika, unazidisha kwa uzito:

```
=60*MIN(B$2:B$4)/B2
```

A anapata 60 kamili. B anapata 9,600 gawanya kwa 10,200, mara 60, ambayo ni 56.47. Tofauti ndogo ya bei imezaa tofauti ndogo ya alama, kama mtu mwenye akili timamu angetarajia. C anapata 48. Kwenye muda unafanya vivyo hivyo kwa siku chache kuliko zote, na kwenye uaminifu asilimia yenyewe inazidishwa na 25. Jumla ikatoka B 89.68, C 86.75, A 85.00. Nilipomtoa C, B akawa 93.97 na A 88.00. Namba zilisogea, kwa sababu siku chache kuliko zote hazikuwa tena 10 bali 14, lakini B alibaki mbele.

Ingekuwa rahisi niseme kanuni ya uwiano ni nzuri na ya ngazi ni mbaya, tuendelee na maisha. Bahati mbaya uwiano nao una hila yake, na inajificha vizuri zaidi. Angalia umbali kati ya aliyepata alama nyingi na aliyepata chache katika kila kigezo, wote watatu wakiwa bado mezani. Kwenye bei ni kutoka 60 hadi 48, yaani alama 12. Kwenye muda ni kutoka 15 hadi 7.5. Kwenye uaminifu ni kutoka 23.75 hadi 17.5, yaani 6.25. Alama ambazo wote wanazipata kwa pamoja hazimpi mtu ushindi. Kinachoamua ni hizo tofauti. Ukizijumlisha ni 25.75, na ukiangalia mgawanyo wake, bei imeshika kama asilimia 47, muda 29, uaminifu 24.

Sisi tuliandika muda 15. Jedwali likaupa karibu mara mbili, na bei tuliyoiandikia 60 ikapungua hadi chini ya nusu. Sababu yake ni ya kawaida kabisa: siku zinaweza kuongezeka maradufu kutoka mzabuni mmoja hadi mwingine, 10 kwa 20, na ni jambo la kila siku. Bei za bidhaa ile ile hazifanyi hivyo mara nyingi. Kwa hiyo kanuni ya uwiano inabana bei na kutanua muda, bila mtu yeyote kwenye kamati kupiga kura ya kufanya hivyo. Kanuni ya ngazi, kwa haki yake, haina kosa hili. Pale kila kigezo kinatumia uzito wake wote, 60 ni 60. Kosa lake ni kwamba inautumia wote hata pale ambapo tofauti yenyewe haina maana.

Tangu siku ile, kabla ya kupeleka jedwali lolote kwenye kamati, ninaongeza mstari mmoja chini ya kila safu ya alama: kubwa toa ndogo. Nikiona kigezo cha uzito mdogo kimetawanya alama kuliko kigezo cha uzito mkubwa, najua kuna mjadala ambao kamati haijaufanya.

Siku ya pili tulikaa tena. Mjumbe mmoja alipendekeza tuchague uwiano kwa kuwa "unatoa jibu la busara". Mwenyekiti alikataa, na ingawa siku ile nilichoka na nilitaka tumalize, alikuwa sahihi. Barua ya mwaliko ilitaja uzito, haikutaja kanuni. Kuchagua kanuni wakati tayari unajua kila moja inampa nani ushindi ni sawa na kuchagua mshindi, hata kama nia ni njema. A angekata rufaa na sijui ningemjibu nini. Tukafuta mwaliko, tukaandika upya, safari hii kanuni ikiwa ndani ya barua.

Kuiandika kulituchukua muda mrefu kuliko kikao chenyewe, hasa kwenye vigezo viwili visivyo vya bei.

Kwenye muda, tatizo la kwanza lilikuwa neno "siku". Siku 14 za kazi, kwa wiki ya siku tano, ni karibu wiki tatu za kalenda. Siku 10 baada ya malipo ya awali si siku 10 baada ya oda. Na wapo wanaohesabu hadi mzigo unapotoka ghalani kwao, si unapofika kwako. Tukaandika: siku za kalenda, kuanzia tarehe ya oda iliyosainiwa hadi makabati yote 60 yamepokelewa ghalani kwetu. Tatizo la pili lilikuwa kuzuia alama ya mtu isitegemee nani mwingine ameleta kotesheni. Tukaweka kipimo kisichosogea: siku 7 au pungufu ni alama zote, siku 28 au zaidi ni sifuri, katikati inashuka kwa usawa. Hizo 7 na 28 hatukuziokota hewani. Tuliuliza idara yenye majalada, wakasema mapema kuliko wiki hawana pa kuyaweka makabati, na baada ya wiki nne watakuwa wamehamia jengo jipya majalada yakiwa sakafuni. Hapo namba inapata maana, kwa sababu mtumiaji ndiye anayejua siku ya ziada inamgharimu nini.

Uaminifu ulitusumbua zaidi. Jedwali la kwanza lilimpa B asilimia 90 kwa oda 9 kati ya 10, na C asilimia 95 kwa 19 kati ya 20. Zinaonekana ni namba za aina moja, lakini oda moja tu ikichelewa inamteremsha B asilimia kumi, wakati C inamteremsha tano. Na vipi kuhusu mzabuni mwenye oda 3, zote zimefika vizuri? Asilimia 100, juu ya C mwenye rekodi ya oda 20? Wala mzabuni mpya huwezi kumpa sifuri, maana hajakukosea.

Tulichofanya ni hesabu ndogo ambayo wanaoshughulika na takwimu wanaijua vizuri: ongeza oda moja nzuri na oda moja mbaya za kufikirika kwa kila mtu, halafu ndipo utafute asilimia. A mwenye 14 kati ya 20 anakuwa 15 kati ya 22, yaani 68.2. B anakuwa 10 kati ya 12, yaani 83.3. C anakuwa 20 kati ya 22, yaani 90.9. Mwenye 3 kati ya 3 anakuwa 4 kati ya 5, yaani 80, na mgeni kabisa anaanza na 50. Mwenye rekodi ndefu haguswi sana, mwenye rekodi fupi anavutwa kuelekea katikati mpaka atakapoonyesha zaidi. Mhasibu hakuipenda mwanzoni, akasema tunawasingizia watu oda mbaya ambayo hawakuifanya. Nikamwambia tunawapa na nzuri ambayo hawakuifanya. Akacheka, akakubali, ila akadai iandikwe kwenye barua kwa mfano wa namba ili mzabuni asije akashangaa. Akadai pia oda zihesabiwe kutoka kwenye hati za kupokea mzigo zilizosainiwa na mtunza ghala, si kutoka kumbukumbu za wajumbe. Kwa hili namshukuru mpaka leo, kwa sababu kumbukumbu ya mjumbe humshikilia mzabuni aliyechelewa mwezi uliopita na kumsahau aliyechelewa mwaka juzi.

Bei tuliiacha kwenye uwiano, iwe na kodi na usafiri ndani yake.

Wote watatu walirudi. A alileta 9,700 kwa siku 16, B 10,200 kwa siku 14, na C, sasa bila malipo ya awali, 11,800 kwa siku 18. Zitazame hizo siku 18. Zile 10 za kwanza alizipata kwa fedha yetu, si kwa wepesi wake.

Jumla zilikuwa B 87.9, A 85.6, C 79.2. Tofauti ya B na A ni ndogo, na Mwenyekiti aliuliza swali ambalo kila kamati inapaswa kuliuliza tofauti ikiwa ndogo: uzito wa bei ungekuwa kiasi gani ili A ashinde? Nilikuwa nimelijaribu nyumbani. Nikiacha muda na uaminifu wagawane kinachobaki kwa uwiano wao ule ule wa 15 kwa 25, B anaongoza hadi uzito wa bei unapofika 72, na kwenye 73 A anampita. Kwa hiyo hata aliyetaka bei iwe 70 asingepata mshindi mwingine. Tukaiandika kwenye muhtasari kwa sentensi moja.

Halafu mhasibu akaniambia, "Katibu, futa mstari wa C." Nikafuta. A na B hawakusogea hata sehemu ya kumi. Akaniambia nirudishe, nifute wa A. Hapo B akapanda hadi 90.8 na C hadi 81.7, kwa kuwa bei ya chini kuliko zote sasa ni ya B. Mpangilio ulibaki, alama zikasogea.

"Bado kuna kamba moja haijafungwa," akasema.

Ipo kweli. Njia ya kuifunga ni kupima bei dhidi ya makisio yetu wenyewe badala ya bei ya mzabuni wa chini, lakini hapo makisio yanapaswa kuwa mazuri, na ya makabati yale yalikuwa yamepigwa kwa bei za miaka mitatu nyuma. Mwenyekiti akatia saini muhtasari, akaniagiza nianze na makisio.